Uso mweusi, kanzu nyeupe na dirisha moja

Ninazo picha mbili za bwana harusi mmoja, nilizopiga usiku mmoja kwa kamera ileile, enzi nikiwa bado najifunzia kazi kwenye harusi za watu. Katika ya kwanza yuko peke yake, uso umejaa fremu, na ngozi yake nyeusi ti imegeuka rangi ya majivu, kama mtu aliyetoka mashine ya kusaga unga. Katika ya pili amesimama na bibi harusi mwenye shela refu jeupe, na humo bwana harusi unamtambua kwa tai tu. Alipoletewa albamu alizitazama zote mbili, akaniuliza, "Kaka, kati ya hawa wawili mimi ni yupi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia ukumbi ulikuwa na giza. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba giza halikuhusika, na kwamba yale yalikuwa makosa mawili tofauti yaliyopandana. Moja ni la kupima mwanga. La pili ni la mahali taa ilipokaa. Watu huyachanganya, wakadhani dawa ni moja: ongeza taa.

Nianze na la kupima, maana ndilo jepesi. Ndani ya kila kamera, na kila simu, kuna mita ya mwanga, na mita haijui inatazama nini. Imetengenezwa ikidhani kwamba ukivichanganya vitu vyote vilivyo mbele yake, vyeusi kwa vyeupe, utapata kijivu cha katikati, kile kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Uso wa yule bwana harusi ulikuwa ukirudisha karibu nusu ya hapo. Ulipojaa fremu, mita ikaona pamepungua, ikaongeza mwanga maradufu ili uso uwe kijivu cha katikati, na kijivu ndicho nilichopata. Alipokuja bibi harusi na shela lake, ambalo linarudisha mara nne au tano ya kijivu kile, mita ikaona pamezidi, ikapunguza. Shela likawa sawasawa, uso ukazama. Ngozi ni ileile, flashi ileile. Kilichobadilika ni jirani.

Kila kuongeza mwanga maradufu, au kuupunguza nusu, wapigapicha huita stopu moja. Nitalitumia neno hilo, kwa hiyo lishike.

Hapa huwa kuna mtu wa kusema kamera zilitengenezwa kwa ajili ya Wazungu. Si maneno ya bure. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha filamu zilisawazisha rangi zake kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyoitwa kadi ya Shirley, na filamu za rangi za Kodak zilizama kwenye vivuli vya kahawia. Kampuni ilianza kulishughulikia jambo hilo kwa bidii baada ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao kulalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri pichani. Lakini filamu ile na kamera uliyonayo leo mkononi ni vitu viwili. Kihisio cha kamera ya sasa kinaona tofauti ndogo sana katika weusi. Siku hizi kinachoharibu zaidi ni mita niliyoieleza, na taa ninayokuja kuieleza.

Ukitaka kuielewa taa, chukua kinyago cha Kimakonde cha mpingo, kilichopigwa msasa mpaka kikateleza. Kiweke usiku chini ya balbu moja iliyo uchi. Utaona nukta mbili tatu nyeupe kali, kichwani na begani, na kwingine kote weusi mtupu. Balbu ya wati nyingi zaidi itazifanya nukta ziwe kali zaidi, basi. Sasa kipeleke asubuhi karibu na mlango uliofunguliwa, kikae ubavu kwa mlango. Mwanga wa hapo hauna ukali wa balbu, lakini ghafla unaona shavu, mkunjo wa shingo, mstari wa taya, hata alama za patasi. Mpingo haukubadilika rangi. Umeanza kuuakisi mlango.

Ngozi ya mtu inafanya hivyohivyo, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mwanga unaoufikia uso unarudi kwa njia mbili. Sehemu moja inaingia ndani ya ngozi, inazungukazunguka humo, inapitia kwenye rangi ya mwili, kisha inatoka kila upande. Hiyo ndiyo inayobeba wekundu, ukahawia au weusi wetu. Sehemu nyingine haiingii kabisa: inadunda juu ya ngozi kama mpira unavyodunda sakafuni, kwa pembe ileile iliyojia, na inakwenda upande mmoja tu. Hii niiite mng'ao.

Mng'ao ni karibu sawa kwa watu wote, takriban asilimia 5 ya mwanga, kwa sababu unategemea uso wa ngozi na mafuta yake, hautegemei rangi. Tofauti iko kwenye ile sehemu ya kwanza. Kwa ngozi nyeupe sana, mwanga unaoingia na kutoka tena unaweza kufika theluthi moja au zaidi ya wote, kwa hiyo mng'ao ni chumvi tu kwenye mboga. Kwa ngozi nyeusi sana, mwanga mwingi unaoingia haurudi, na mng'ao unakuwa sehemu kubwa ya kile tunachokiona. Ndiyo maana uso mweupe unachorwa na vivuli, na uso mweusi unachorwa na mng'ao. Ukimwangaza mtu mweusi kwa kutazama vivuli peke yake, umeiacha nusu ya kazi.

Ukishalijua hilo, kasoro mbili zinazolalamikiwa kila siku zinajieleza zenyewe. Flashi ya juu ya kamera ni kitu kidogo, kwa hiyo mng'ao wake ni nukta ndogo kali kwenye paji la uso na ncha ya pua. Nukta zile zinaungua na kuwa nyeupe kabisa, huku mashavu bado yana giza. Ukiongeza mwanga ili kuyaokoa mashavu, unazikuza nukta na kuipausha ngozi. Hapo ndipo uso unapopauka. Na kwa kuwa flashi inatoka palepale ilipo lenzi, inaupiga uso moja kwa moja na hakuna mng'ao unaoteleza kutoka shavuni kwenda kwenye taya. Hapo ndipo unapokuwa bapa, kama picha ya pasipoti.

Dawa basi ni kitu kikubwa kinachong'aa kwa upole, kikae upande ambao ngozi itakiakisi kuelekea kwenye kamera. Ukubwa hapa ni ule unaouona ukiwa umekaa pale alipokaa mtu wako. Softboksi, lile boksi la kitambaa linalovishwa taa ili kuutawanya mwanga, ikiwa ya sentimita 90 na mita moja kutoka usoni ni dirisha. Ikiwa mita nne ni balbu tu iliyovaa nguo.

Nitaeleza siku moja jinsi ilivyokwenda. Familia moja iliniita nimpige picha babu yao, mwalimu mstaafu, nyumbani kwake. Picha ya kuning'iniza sebuleni. Mzee ni mweusi wa kung'aa, mwembamba, mashavu yameingia ndani, na alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na kofia ya viua. Sebule ilikuwa na dirisha moja pana lenye pazia jepesi jeupe, taa ya tyubu darini, na kuta zilizopakwa rangi ya mafuta ya kijani mpaka usawa wa bega, kama nyumba nyingi za zamani.

Nilipoamkia na kuanza kupanga, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuzima taa.

"Mwanangu," akasema, "unanipiga gizani?"

Nikamwambia, "Samahani mzee wangu, hii taa na dirisha hawaelewani." Na kweli hawaelewani. Mng'ao haupiti ndani ya ngozi, kwa hiyo hauchukui rangi ya ngozi. Unabaki na rangi ya kile kilichoakisiwa. Tyubu ya ukijani juu na dirisha la ubuluu ubavuni vingempa mzee paji la kijani na shavu la buluu, na kwenye ngozi nyeusi mambo hayo yanaonekana waziwazi, maana mng'ao ndio mwingi. Kwa sababu hiyohiyo nilimhamisha kiti kutoka kwenye ukuta wa kijani. Ukuta wa rangi ulio karibu na shavu ni taa ya rangi.

Kiti nikakiweka kama mita moja kutoka dirishani, dirisha likiwa upande wake wa kushoto na mbele kidogo, pazia limefungwa ili lenyewe ndilo liwe taa. Kisha nikamwomba ageuze uso taratibu kuelekea dirishani, nami nikiwa nimesimama palipo kamera, jicho moja nimelifumba. Hatua hii haina namba. Unatazama shavu. Mwanzoni mng'ao ulikuwa ufito mwembamba pembeni mwa jicho. Alipogeuka kidogo, ukapanuka, ukashuka juu ya mfupa wa shavu, ukaingia kwenye lile bonde la chini yake na kufifia polepole kuelekea mdomoni. Hapo nikasema, "Hapohapo mzee." Angegeuka zaidi, shavu lote lingekuwa sahani moja ya mwanga, na bonde lingepotea.

Ubavu wa kulia ulikuwa umezama. Wengi hapa huleta taa ya pili mbele ili kujaza, na hiyo ndiyo inayorudisha ubapa. Mimi nilimpa mjukuu wake karatasi ya manila nyeupe, niliyoigundisha kwenye boksi ili isijikunje, nikamwambia aishike wima upande wa kulia wa babu, karibu nusu mita kutoka shavuni, nyuma kidogo ya usawa wa sikio. Ilipokuwa mbele karibu na kamera haikufanya kitu cha maana. Alipoirudisha nyuma, mstari mwembamba wa mwanga ukajichora kutoka sikioni mpaka kidevuni na taya likatoka gizani. Manila haikuujaza ule upande, ilijitokeza tu kama mng'ao pale nilipohitaji. Mlango wa ukumbini nikauacha wazi nyuma ya bega lake la kulia, ili palipo na uso wenye giza, nyuma pawe na nuru kiasi. Bila hivyo kisogo kingeyeyuka kwenye kabati.

Sasa kupima. Usikivu wa kamera yangu ulikuwa ISO 400 na tundu la lenzi f/4, nikabaki na kasi ya shata tu ya kuamua, yaani kamera ifunguke kwa sehemu gani ya sekunde. Kwa kupima fremu nzima, ambayo kanzu ilikuwa imeijaza, kamera ilitaka 1/500. Nikabadilisha ipime nukta moja tu, nikailenga kwenye shavu lenye nuru: ikataka 1/60. Stopu tatu za tofauti, kwa mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti kimoja. Ya kwanza ingemzamisha, ya pili ingempausha.

Nikamwomba afungue kiganja chake, akielekeze dirishani kando ya uso. Kiganja ni kitu cha ajabu: kwa watu wa rangi zote hakipishani sana, na kinarudisha karibu mara mbili ya kijivu cha katikati. Kikasoma 1/250. Kwa kuwa kiganja ni cheupe kuliko kijivu kwa stopu moja, unaongeza mwanga stopu moja: 1/125. Na shavu lililosoma 1/60, ukilirudisha liwe jeusi kuliko kijivu kwa stopu moja kama lilivyo, unapata 1/125 vilevile. Njia mbili zimekutana, basi. Mara nyingi hutumia kiganja changu mwenyewe, mradi kiwe kwenye mwanga uleule.

Ikabaki kanzu. Kwenye 1/125 ingekuwa stopu mbili juu ya kijivu au zaidi, na kifuani, palipo karibu zaidi na dirisha, ilianza kuungua: mistari ya pundamilia, ambayo kamera huichora kwenye skrini palipozidi mwanga, ilikuwa ikicheza juu ya vifungo. Jibu la haraka ni kupunguza mwanga wa picha nzima, na ndiyo njia ya kumrudisha mzee gizani. Badala yake niliomba kitenge cheusi, nikakifunga kwenye mgongo wa kiti cha pili kati ya dirisha na kifua, chini ya usawa wa kidevu. Kanzu ikashuka kama nusu stopu, na nakshi za shingoni zikarudi. Uso haukuguswa. Usiukate mno mwanga wa kanzu, lakini. Kanzu yenyewe ni kiakisi kinachoangaza chini ya kidevu. Nilipokipandisha kitenge juu sana, shingo ikapotea, nikakishusha tena kiasi cha kiganja.

Jambo moja zaidi la siku ile ni la ngozi yenyewe. Mzee alikuwa na jasho kidogo, na mjukuu akataka kumpaka poda. Nilimzuia. Poda nyingi za dukani ni nyeupe kuliko ngozi ile, na kazi yake hasa ni kuua mng'ao. Ukiuua mng'ao kwenye uso mweusi umeondoa kilichokuwa kikiuchora, umebaki na vumbi. Tishu moja iliyobonyezwa kwenye paji na pua, bila kusugua, inatosha kuondoa nukta kali. Upande wa pili nao una shimo: wapo wanaopaka mafuta mengi ili ngozi ing'ae. Mafuta yanafanya ngozi iwe kioo zaidi, na kioo kinataka taa kubwa zaidi. Chini ya taa ndogo mafuta ni balaa. Karibu na dirisha pana, losheni nyepesi ya kawaida inapendeza.

Kompyuta nayo huweza kuharibu kilichopatikana dirishani. Katika programu ya kuhariri picha mkono huenda wenyewe kwenye kitelezi cha `Shadows`, mtu anaivuta mpaka 60 au 70 ili "uso uonekane". Inachofanya ni kuunyanyua weusi wote pamoja, ndevu, mboni, mikunjo, kuusogeza karibu na mng'ao, na ule umbali kati ya mng'ao na weusi ndio uliokuwa umbo la uso. Kama picha imetoka na giza kidogo, afadhali `Exposure` ipande kwa kipimo kidogo na `Blacks` ishuke kidogo. Mwenye simu asijali yote haya: aguse skrini usoni pa mtu, ashikilie mpaka ijifunge, kisha avute alama ya jua chini mpaka ngozi irudi kwenye weusi wake, na azime urembo wa kulainisha ngozi, maana unafuta kilekile tulichokitafuta.

Na pale pasipo dirisha? Ukumbini usiku, geuza kichwa cha flashi kielekee ukuta mweupe ulio ubavuni, usielekeze darini. Dari likiwa ndilo taa, macho yanaingia kwenye mashimo na mng'ao wote unaishia kwenye upara. Kwenye turubai lenye vitambaa vya zambarau ujanja huu haufai, kwa sababu kitambaa kitampaka mtu rangi yake. Hapo nabeba manila yangu, nafunga juu ya flashi iliyosimamishwa kando kwenye stendi, nasogea karibu na watu. Watu wakiwa ishirini jukwaani, hakuna manila itakayotosha, na picha zile zitakuwa bapa kwa kiasi fulani. Nimeshakubali.

Tulipokuwa tunamaliza, bibi akatoka chumbani, amejipamba na ameshajipaka poda, akasema hawezi kuachwa. Bibi ni maji ya kunde, stopu moja au zaidi kumshinda mumewe. Ukiwaweka sawa mbele ya dirisha, yeye ataungua au mzee atazama. Sikugusa kamera. Mzee nikamwacha pale karibu na dirisha, bibi nikampa kiti upande wa ndani, kama nusu mita nyuma zaidi kutoka kwenye pazia, ambapo mwanga ulikuwa umeshapungua karibu stopu moja. Bibi akalalamika kwamba amewekwa gizani na mzee amepewa dirisha.

"Miaka arobaini na tano nakaa gizani mimi," mzee akamjibu, "leo zamu yako."

Akacheka, na mng'ao ukapanda shavuni mpaka chini ya jicho. Hiyo ndiyo waliyoining'iniza.